Aliyemshinda Ali ni Nani? Kuandika Maswali ya Chemsha Bongo ya Redioni

Chukua swali hili: "Taja bondia aliyemshinda Muhammad Ali mwaka 1971." Mwandishi wa swali alikuwa akimfikiria Joe Frazier, aliyempiga Ali kwa pointi jijini New York tarehe 8 Machi mwaka huo, katika pambano la raundi 15. Mshiriki wa kwanza anabonyeza kitufe na kujibu: "Jimmy Ellis." Mtangazaji anasema amekosa. Lakini Ali alimpiga Ellis mjini Houston mwezi Julai mwaka huohuo, na kwa sarufi yetu mshiriki huyo ana haki ya kudai pointi zake.

Kiini cha mgogoro ni kitenzi. Katika "aliyemshinda" mna mtenda na mtendwa, na hapa wote wawili ni watu, yaani wa ngeli moja. Kwa hiyo "bondia aliyemshinda Ali" anaweza kuwa bondia ambaye alimshinda Ali, na pia anaweza kuwa bondia ambaye Ali alimshinda. Ungesema "kombe alilolishinda Ali", ngeli ingekuonyesha nani ni nani. Kwa watu wawili ngeli hainyanyui kidole. Msomaji wa gazeti hurudia mstari, hutazama kichwa cha habari, kisha huamua. Mshiriki wa redio amesikia mara moja tu, mkono uko juu ya kitufe na mpinzani wake anapumua pembeni.

Dawa yake ni kauli ya kutendwa: "Mwaka 1971 Muhammad Ali alipigwa na nani?" Hapo Ellis hana pa kuingilia. Ukimtaka Ellis, sema "bondia aliyepigwa na Ali mjini Houston Julai 1971", na usiache mahali wala mwezi, kwa sababu mwaka ule Ali aliwapiga pia Buster Mathis na Jürgen Blin. Mimi hupitia kila mswada nikitafuta vitenzi vya namna hii: aliyemrithi, aliyemfundisha, aliyemuua, aliyemteua. Maswali ya historia yamejaa vitenzi hivyo, na vingi huwa vina watu pande zote mbili.

Hata hivyo, si kila sentensi yenye maana mbili inaharibu mchezo. Badilisha mwaka uwe 1978. Mwaka huo Ali alipanda ulingoni mara mbili tu, na mara zote mbili alipigana na Leon Spinks. Alipigwa Februari, akalipiza Septemba. Lielewe swali utakavyo, jibu ni Spinks. Kwa hiyo kazi ya mhariri haiishii kwenye sarufi. Inabidi uchukue kila maana inayowezekana, uitafutie jibu lake, kisha uone kama majibu yanatofautiana.

Sikio lina kasoro nyingine ambayo mwandishi wa karatasi huisahau: halisikii herufi kubwa. "Nani alikuwa rais wa Kenya baada ya Uhuru?" Mwenye mswada anaona Uhuru Kenyatta, kwa hiyo jibu lake ni William Ruto, aliyeapishwa Septemba 2022. Aliyeko nyumbani na redio yake anasikia uhuru wa 1963, naye anamtaja Jomo Kenyatta. Ukimtaka Ruto, taja jina kamili na mwaka: "Nani alipokea urais kutoka kwa Uhuru Kenyatta mwaka 2022?" Ukimtaka Jomo, maneno "taja rais wa kwanza wa Kenya" yanatosha kabisa, na sijui kwa nini waandishi huona aibu kuandika swali fupi. Zanzibar nako kuna Karume wawili waliokuwa marais, Abeid Amani na mwanawe Amani Abeid. Ukisema "Rais Karume" bila jina la kwanza umeuliza maswali mawili, na hata ukilisema, msikilizaji atayachanganya majina hayo yanayogeuzana. Hapo ongeza kipindi: Karume aliyetawala kuanzia 1964, au Karume aliyeingia madarakani mwaka 2000.

Siku nazo zina mtego. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa saa sita usiku, Ijumaa ikiisha na Jumamosi ya tarehe 9 Desemba 1961 ikianza. Ukiuliza "ilikuwa usiku wa siku gani?", mzee wa pwani anayehesabu siku kuanzia jua linapozama atasema usiku wa Jumamosi, na kijana wa mjini atasema usiku wa Ijumaa. Wote wanazungumzia usiku mmoja. Lugha imetupa "usiku wa kuamkia", lakini ukiliweka kwenye swali pamoja na siku umeshatoa jibu. Swali la namna hiyo mimi hulifuta tu.

Mpangilio wa maneno nao una lake. Kiswahili hupenda kuweka neno la kuuliza mwishoni: iko mkoa gani, ni wangapi, ni upi. Mchezo wa vitufe huadhibu tabia hiyo. "Mlima mrefu kuliko yote Afrika ni Kilimanjaro, ulioko Tanzania; je, wa pili ni upi?" Kufikia neno "yote" kuna mtu ameshabonyeza. Anza na kinachotakiwa: "Taja mlima wa pili kwa urefu barani Afrika." Ukanushaji nao uogope, kwa kuwa unategemea silabi chache nyembamba. "Nchi ipi haipakani na Tanzania" na "nchi ipi inapakana na Tanzania" hazitofautiani sana simu inapokwaruza. Tena mpaka wa Tanzania na Kongo unapita ndani ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo ukiuliza mipaka sema kama unamaanisha nchi kavu pekee.

Sasa maneno ya mtangazaji kati ya swali na swali. Utani wake ndio unaoleta utata mwingi zaidi, kwa sababu hakuna anayeuhariri. Mtangazaji anasema, "Haya, dada yetu wa Mombasa, unawajua samaki wa kwenu?" na mshiriki anabonyeza. Utani uandikwe kwa sentensi za kauli, usiwe na umbo la swali. Kisha pawe na mlango kati ya utani na swali, neno lilelile kila mara. Wazee walilijua hilo: hakuna aliyechanganya soga na fumbo, kwa kuwa fumbo lilianza baada ya mmoja kusema "Kitendawili!" na wenzake kuitika "Tega!" Redioni neno "Swali" na pumzi moja ya kimya vinatosha.

Baada ya swali kusomwa, mtangazaji asiongeze taarifa mpya wala asilifafanue kwa maneno yake. Alirudie neno kwa neno au anyamaze. Na mshiriki anapojibu, mtangazaji azuie "naam" na "ehee" zake. Yeye anamtia moyo aendelee, mshiriki anadhani ameshapata, naye anakomea katikati ya jina.

Kabla mswada haujaenda studio, mpe mtu ambaye hajauona asikilize akiwa amekupa mgongo. Soma kwa mwendo wa hewani, ukisimama kila penye pumzi, na usimwulize jibu. Mwulize anadhani anaulizwa nini. Akisema kitu kisicho chako, andika upya kuanzia pale ulipokuwa umesimama. Pembeni ya kila swali andika pia majibu yatakayokubaliwa, yatakayokataliwa, na yale ambayo mwamuzi atamtaka mshiriki aongeze kitu: "Karume" peke yake, kwa mfano, au "Kongo" pasipo kusema ni ya Kinshasa au ya Brazzaville. Utata ukipenya hadi hewani licha ya hayo, swali lifutwe na lisomwe la akiba. Kwa hiyo kila kipindi kiingie studio na maswali machache ya ziada, yaliyopimwa kwa sikio kama yale mengine.