Kuhesabu Maneno Hakutupi Umri wa Lugha

Ukisimama Burumba, pale Busia karibu na mpaka wa Uganda, huhitaji kwenda mbali kusikia lugha tano au sita kabla ya adhuhuri. Kuna Kikhayo na Kisamia, kuna Kiteso kinachotawala upande wa Malaba, kuna Kijaluo, kuna Kiganda kutoka ng'ambo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote sokoni. Mtu wa pwani akifika huko swali humjia lenyewe. Mbona Mganda akisema "omuntu" na "amazzi" namwelewa, na Mteso akisema "akipi" kwa maana ya maji siambulii kitu? Na kama lugha yangu na ya Mganda ni ndugu, ziliachana lini?

Swali la "lini" liliwahi kupewa jibu la hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa lugha wa Marekani, Morris Swadesh, alipendekeza njia inayofanana na ile ya wanasayansi wanaopima umri wa mifupa na makaa ya kale. Alisema kila lugha ina maneno ya msingi ambayo watu hawayaachi upesi: viungo vya mwili, maji, moto, jua, mti, mtu. Alitengeneza orodha ya maneno kama 200, kisha mwaka 1955 akaichuja ikabaki 100. Unachukua lugha mbili, unazipanga neno kwa neno, unahesabu maneno ndugu, yaani yale yaliyotoka shina moja. Kazi hiyo ya kuhesabu na kulinganisha huitwa leksikostatistiki. Ukiendelea mbele ukageuza hesabu hiyo kuwa miaka, umeingia kwenye glotokronolojia.

Ili kupata miaka, Swadesh alidai kwamba lugha yoyote duniani hubaki na takriban asilimia 86 ya orodha ya maneno 100 kila baada ya miaka elfu moja. Kanuni yake ni hii:

```
t = log C / (2 log r)
```

Hapo C ni sehemu ya maneno ndugu, r ni 0.86, na t ni muda kwa maelfu ya miaka. Ile 2 ipo kwa sababu lugha zote mbili zinabadilika, kila moja kwa njia yake.

Tujaribu kwa maneno kumi tu ya Kiswahili na Kiganda, kwa mfano, si kwa hukumu. Mtu ni "omuntu", maji ni "amazzi", mti ni "omuti", jino ni "erinnyo", jicho ni "eriiso", jua ni "enjuba". Hayo sita ni ndugu. Usishangae kuona "enjuba" imo. Kiswahili kimeidondosha ile b ya zamani, na imedondoka hivyo katika maneno mengine pia, ndiyo maana mtaalamu hatazami sura ya neno tu bali hutazama kama sauti zinabadilika kwa utaratibu. Manne yaliyobaki hayalingani: moto ni "omuliro", sikio ni "okutu", samaki ni "ekyennyanja", ndege ni "ekinyonyi". Sita kwa kumi ni 0.6, na kanuni inatoa miaka kama 1,690.

Sasa tazama lile neno ndege. Wazee wetu na washairi wanalijua neno nyuni, na nyuni ni ndugu wa "ekinyonyi" bila shaka. Ukiandika nyuni badala ya ndege, hesabu inakuwa saba kwa kumi, na jibu linashuka hadi miaka kama 1,180. Ndege mmoja ameruka na karne tano! Utasema orodha ya kumi ni fupi mno, na ni kweli. Lakini hata katika orodha ya 100, ukiwa karibu na asilimia 60, kila neno moja lina uzito wa miaka kama 55. Maneno kumi ya kubishaniwa yanatosha kurudisha zile karne tano, na mtu anayejaza orodha hukutana na mabishano ya namna hii mara kwa mara.

Maneno mengine matatu yanatufundisha zaidi. Samaki tumelipokea kutoka Kiarabu, na Waganda nao wamejiundia lao kutokana na neno lao la ziwa. Kwa hiyo pengo hilo linatuambia habari za biashara ya bahari na maisha ya ziwani, halituambii muda. Sikio letu limetokana na kusikia, na neno la kale la Kibantu ndilo walilobaki nalo Waganda. Moto nao haukupotea kwao kabisa. Mganda anaposogea motoni kupata joto husema "okwota", nasi twasema kuota moto. Shina liko hai, ila limehamia kwenye kitendo, na orodha haina pahala pa kuliandika.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye ile asilimia 86. Mwaka 1962 Knut Bergsland na Hans Vogt walizipima lugha ambazo historia yake imeandikwa. Waliona Kiaislandi kimepoteza kama asilimia 4 tu kwa miaka elfu, na Kinorwe cha maandishi, ndugu yake wa karibu, kama asilimia 20. Saa inayokwenda kwa kasi tofauti katika nyumba mbili jirani haiwezi kutumika kupima muda. Ukibadilisha 86 kuwa 90 tu, lile jibu letu la miaka 1,180 linapanda hadi 1,690, na hakuna neno hata moja lililoguswa.

Kisha rudi Burumba. Maji kwa Mteso ni "akipi", kwa Mjaluo ni "pi", na kwa Mmaasai ni "enkare". Moto kwa Mteso ni "akim", kwa Mmaasai "enkima", na kwa Mjaluo "mach". Neno la maji linamvuta Mteso kwa Mjaluo, neno la moto linamvuta kwa Mmaasai. Wataalamu wanakubaliana kwamba Kiteso kiko karibu zaidi na Kimaasai, ila Kimaasai kiliacha neno la zamani la maji. Na watu wanaooana na kuuziana kila siku huazimana maneno, hivyo lugha jirani huweza kuonekana zimeachana juzi kuliko ukweli ulivyo.

Je, orodha hizi ni za kutupwa? La. Derek Nurse na Gérard Philippson walizitumia kupanga lugha za Kibantu za Afrika Mashariki katika makundi, na kwa kazi hiyo ya kwanza zinafaa. Lakini Nurse na Thomas Hinnebusch walipoandika kitabu chao cha 1993 kuhusu Kiswahili na ndugu zake wa Sabaki, yaani Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro, walitegemea sana mabadiliko ya sauti ambayo lugha hizo zimeshiriki. Ama kuhusu tarehe, udongo una ushahidi bora. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wamekuta makazi ya karne ya 8, na tarehe hiyo haitegemei mtu kuchagua kati ya ndege na nyuni.

Kwa hiyo mtu akikwambia lugha mbili ziliachana miaka 1,690 iliyopita, muulize mambo mawili: maneno yapi aliyahesabu kuwa ndugu, na alitumia asilimia gani. Akishindwa kujibu, chukua ule undugu na uiache ile tarehe.