Mgonjwa wa Kuigiza Asiseme Mapema

Mwaka 1975, Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake walieleza mtihani wa vituo kwa wanafunzi wa udaktari. Tuseme kituo chetu ni cha dakika 8: mama anakohoa kwa wiki 3. Mwigizaji anaagizwa aanze hivi: “Daktari, kikohozi hiki kimenichosha.” Kuhusu damu kwenye makohozi, jasho la usiku na kaka yake anayetibiwa kifua kikuu, ajibu akiulizwa tu. Akiyataja mwenyewe, hatutajua nani alijua kuuliza.

Orodha ya mtahini nayo itaje kitendo kinachoonekana: “Ameuliza kama makohozi yana damu.” Ukiandika “Amehoji vizuri,” watahini wawili wanaweza kumpa mwanafunzi yuleyule alama tofauti.