Wiki Ambayo Nusu Yake Si Yako

Fundi wa friji na viyoyozi jijini Dar es Salaam anayejitegemea hana bosi wa kumpangia saa, lakini wa kumpangulia ni wengi. Amemwahidi mteja wa Mikocheni kwamba asubuhi atamfanyia sevisi viyoyozi vyake. Saa nne simu inaita kutoka bucha ya Manzese: friza imekufa na nyama imeanza kutoa maji. Akiondoka Mikocheni, amevunja ahadi. Asipoondoka, nyama ya mtu inaharibika. Jioni inapofika kuna mteja aliyeachwa njiani na mwingine aliyechelewa kuhudumiwa, na wote wana kauli moja kwamba mafundi ni waongo.

Mara nyingi si uongo. Fundi huyu alikosea hesabu tangu Jumapili, alipojaza saa zote za wiki kwa ahadi kana kwamba simu haitaita. Hawezi kujua itaita lini, lakini akiwa na kumbukumbu anaweza kujua kwa ukaribu itakula saa ngapi za wiki. Ratiba ya mtu wa kazi za wito huanzia hapo. Kwanza unapima ukubwa wa sehemu isiyo yako, ndipo unapogawa inayobaki.

Daftari kabla ya ratiba

Kipimo chenyewe ni daftari la kawaida. Kwa kila wito wa dharura, fundi anaandika siku, saa simu ilipoingia, tatizo lilikuwa nini, na muda uliotumika tangu alipoondoka hadi alipokuwa huru tena. Hicho kipengele cha mwisho ndicho watu hukosea. Kubadilisha relei ya kompresa ni kazi ya dakika chache, lakini foleni ya kwenda Mbagala, kutafuta kipuri Kariakoo na kurudi vinaweza kumaliza nusu siku. Kinachoandikwa ni hiyo nusu siku.

Tuchukue mfano. Fundi wetu anafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, saa 8 kwa siku ukiondoa chakula na swala, yaani saa 48 kwa wiki. Daftari lake la wiki 6 linaonyesha kuwa dharura zilichukua saa 14, 22, 17, 31, 16 na 20. Jumla ni 120, wastani saa 20 kwa wiki. Haraka haraka mtu atasema: basi zimebaki 28, niziuze zote.

Hapo ndipo mtego ulipo. Wastani hauelezi wiki yoyote mahususi. Akiahidi saa 28, wiki ya saa 22 inamzidi na ile ya 31 inamzamisha. Akiahidi saa 24 na kuacha 24 wazi, wiki 5 kati ya 6 zinapita bila kuvunja ahadi hata moja. Inabaki ile ya saa 31, ambayo hakuna ratiba ya mtu mmoja ingeimeza bila kumlaza njaa wiki nyingine zote. Hiyo ataipangia namna yake.

Kwa nini saa tupu zina kazi

Mwenye njaa ya pesa huziona saa zilizoachwa wazi kama hasara. Sababu ya kuziacha ilianza kuelezwa kihesabu mwaka 1909 na Agner Krarup Erlang, Mdenmarki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Alikuwa akichunguza jinsi simu zinavyoingia bila mpangilio kwenye mitambo, na kutoka kwenye kazi yake kulikua elimu nzima ya foleni.

Fundisho lake kubwa ni kwamba kungoja hakukui sawasawa na kazi. Katika mfano rahisi kabisa wa hesabu hizo, mhudumu ni mmoja, miito huingia bila mpangilio na kila kazi huchukua wastani wa saa 2. Ikiwa kazi inajaza nusu ya muda wake, mteja anangoja wastani wa saa 2 kabla ya kuanza kuhudumiwa. Ikijaza asilimia 80, anangoja saa 8. Ikijaza asilimia 90, anangoja saa 18. Kutoka 80 hadi 90 kazi imeongezeka kidogo tu, lakini kungoja kumezidi mara mbili. Ndiyo maana fundi aliyejaza wiki yake pomoni anashangaa jinsi simu moja ya Jumanne inavyovuruga mambo hadi Ijumaa.

Saa wazi zikae wapi

Daftari linasema pia miito hupenda siku gani. Kwa fundi mwenye wateja wa bucha na maduka yanayofungwa Jumapili, Jumatatu asubuhi ni siku ya vilio, kwa kuwa mwenye duka anafungua na kukuta friji ya moto. Siku ambayo umeme umekatika na kurudi kwa kishindo nayo huleta simu zake. Basi fundi wetu anaiacha Jumatatu nzima wazi. Jumanne hadi Alhamisi, saa mbili asubuhi hadi saa saba ni za ahadi. Ijumaa anaanza saa moja ili saa sita awe huru kwenda msikitini. Jumamosi anaahidi saa mbili hadi saa sita tu. Hizo ni saa 24 za ahadi. Jumatatu, alasiri zote na Jumamosi baada ya saa saba zinakamilisha saa 24 za wito.

Ahadi zimewekwa asubuhi kwa sababu kazi iliyoanza mapema ina mahali pa kumwagikia ikichelewa. Na haahidi dakika. Anamwambia mteja, "Jumatano kabla ya saa saba mchana," kisha jioni ya Jumanne anampigia kuthibitisha.

Simu isipoita, alasiri ile haipotei, kwa kuwa karakanani kuna friji zinazosubiri. Ila si kila kazi ya karakana inafaa kujazia muda. Kusafisha kondensa, kupima nyaya, au kujaza naitrojeni kwenye mfumo na kuuacha usiku kucha ili kuona kama presha inashuka, hizo zinaweza kukatizwa wakati wowote. Kubadilisha kompresa hakukatizwi. Mabomba yakishafunguliwa, hewa na unyevu vinaingia, na oili ya kompresa nyingi za kisasa hunyonya unyevu upesi. Ukiacha mfumo wazi ukakimbilia wito, unarudi kwenye draya iliyoharibika na friji itakayoziba baada ya muda mfupi. Kazi ya namna hiyo ihesabiwe kama ahadi na ipewe asubuhi nzima.

Simu ya dakika tatu

Hata saa wazi zikiwepo, zitaliwa na asiyestahili ikiwa kila anayesema "dharura" anaaminiwa. Fundi anayejua kazi yake anauliza kabla ya kuchukua mkoba: ndani kuna nini, kimezima tangu lini, mlango umefunguliwa mara ngapi, na taa ya ndani inawaka?

Majibu hayo yanapimwa kwa saa, si kwa ukali wa sauti. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri huhifadhi baridi kwa takribani saa 48. Iliyojaa nusu huhifadhi kwa takribani saa 24. Friji ya kawaida ina takribani saa 4 tu, nayo ni kama haikufunguliwa. Friji ya duka la dawa yenye insulini au chanjo, ambazo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, haina muda wa kuchezea. Kiyoyozi cha chumbani kisichopoza kinaudhi, lakini hakiozeshi kitu.

Turudi kwa simu ya saa nne. Mwenye bucha anasema friza ilizima alfajiri, imejaa, lakini amekuwa akiifungua kuwauzia wateja. Fundi anamwambia, "Kaka, funga mlango usiufungue tena. Uza iliyo nje kwanza. Saa nane na nusu nipo hapo." Anamaliza kazi ya Mikocheni na alasiri anakwenda Manzese. Nyama ya kwenye friza iliyojaa ingeweza kungoja hadi mchana, mradi mlango ufungwe, na nyama kutoa maji ni ishara kwamba haitangoja hadi kesho. Kama angesema ni friji ya kioo ya kuuzia, ambayo haishiki baridi kama friza, jibu lingekuwa kwamba nyama ihamishiwe kwa jirani mwenye nafasi saa hiyo hiyo.

Wakati mwingine simu yenyewe inamaliza kazi. Vifaa vingi vya kulinda friji dhidi ya umeme husubiri dakika kadhaa baada ya umeme kurudi kabla ya kuiwasha. Mteja anayepiga dakika ya pili aambiwe asubiri kwanza na asizime na kuwasha. Kompresa inayolazimishwa kuanza kabla presha haijatulia inaweza kuungua.

Wiki inapozidi

Wiki ya saa 31 itakuja. Dalili yake inaonekana mapema: ikiwa kufikia Jumanne usiku saa za wito zilizotumika zimepita nusu ya zile 24, ratiba ipunguzwe hapo hapo, isingoje Alhamisi. Anayesogezwa kwanza ni mwenye sevisi ya kawaida, kwa kuwa kiyoyozi kinachofanya kazi kinaweza kungoja wiki moja. Apigiwe siku moja kabla, apewe siku mpya ndani ya simu hiyo hiyo, na mteja mmoja asisogezwe mara mbili mfululizo.

Dawa ya kudumu ni mwenzako. Mafundi wawili wanaoaminiana, wakikubaliana kupokeana miito, hupunguza kungoja kwa wateja wa wote wawili, kwa sababu ni nadra wote kuzidiwa saa ile ile. Wapeane pia zamu za Jumapili, ili kila mmoja awe na Jumapili ambayo simu ya kazi iko kwa mwingine. Masharti ya kugawana malipo na ya kutonyang'anyana wateja yaandikwe kabla ya wito wa kwanza.

Na hesabu hizi si za milele. Desemba hadi Machi joto la Dar es Salaam linapopanda, viyoyozi huongeza miito, na saa 24 za wito huenda zisitoshe. Juni hadi Agosti jiji linapopoa, ahadi zinaweza kuongezwa. Daftari lisomwe upya kila msimu na mgawo ubadilishwe.

Mkunga, fundi bomba na dereva wa kukodi watakuwa na tarakimu zao, lakini njia ni hii hii. Kwa yeyote ambaye wiki yake inashikwa na simu za watu: anza daftari Jumatatu hii, na usiahidi saa yoyote mpya hadi ujue miito yako inakula ngapi.