Bima ya gari binafsi na abiria wa kulipia

Dereva wa teksi za mtandao mjini Mombasa aliandika barua kuuliza kama bima ya gari binafsi aliyokata inafaa kubebea abiria wa kulipia. Gari ni lake, leseni anayo, na malipo ya bima hajawahi kuyachelewesha. Jibu ni kwamba haifai, na sababu imo ndani ya hati ya bima yenyewe.

Hati ya gari binafsi huwa na kipengele kinachoeleza mipaka ya matumizi. Kwa kawaida huruhusu safari za nyumbani, matembezi na shughuli za mwenye gari mwenyewe, kisha hukataza waziwazi kukodisha gari au kubeba watu kwa malipo. Abiria anapoingia baada ya kuagiza safari kwenye simu, gari limekwisha kutoka nje ya mipaka hiyo, hata kama nauli ni ndogo.

Kampuni ya bima hupanga bei kwa kuangalia hatari. Gari linalokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni si sawa na lile linalozunguka Nyali, Bamburi na mjini kutwa nzima, likibeba watu wasiojulikana hadi usiku. Ndiyo maana fomu ya maombi huuliza gari litatumikaje. Anayejibu "binafsi" ilhali analiendesha kama teksi ameficha jambo la msingi, na kampuni ina haki ya kuikana bima hiyo.

Kwa mfano, chukua gari la shilingi 800,000. Tuseme bima kubwa ya binafsi inatozwa asilimia 4, yaani shilingi 32,000 kwa mwaka, na ya teksi asilimia 6, yaani 48,000. Dereva anaokoa 16,000. Siku moja gari linagongwa likiwa na abiria na kuharibika kabisa. Abstrakti ya polisi inaandika kwamba ndani mlikuwa na abiria, na abiria mwenyewe anaeleza alivyoagiza safari. Mtathmini wa kampuni akitaka uthibitisho, rekodi za safari zina saa, njia na nauli. Dai linakataliwa, shilingi 800,000 zinapotea, na kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, benki inaendelea kudai kila mwezi.

Hasara ya gari bado ni nyepesi kuliko dhima kwa abiria aliyeumia, na hapa ndipo madereva wengi hawajui walivyo wazi. Sheria ya Kenya ya bima ya magari dhidi ya hatari za mtu wa tatu, Sura ya 405, hailazimishi bima ya gari la kawaida kuwakinga watu waliomo ndani yake. Inalazimisha pale gari linapobeba abiria kwa malipo. Kwa hiyo bima ndogo ya gari binafsi inaweza kumfaa mpita njia aliyegongwa na isimfae kabisa aliyekaa kiti cha nyuma. Sheria hiyo pia inaorodhesha masharti ambayo kampuni haiwezi kuyatumia kumnyima fidia mtu wa tatu, kama vile umri wa dereva, hali ya gari au idadi ya watu waliobebwa. Matumizi ya gari kwa malipo hayamo katika orodha hiyo. Abiria akishinda kesi, hukumu inaweza kumwangukia dereva mwenyewe, na mali yake ikakamatwa.

Wapo wanaosema kwamba programu ikizimwa, gari hurudi kuwa la binafsi. Ni kweli kwamba safari ya kumpeleka mtoto shuleni haivunji kipengele cha matumizi. Lakini kampuni ikigundua kuwa gari ni teksi na haikuambiwa, inaweza kudai ilidanganywa tangu siku ya kukata bima, na dai la safari hiyo ya shule nalo likaingia mashakani.

Kinachohitajika ni bima ya gari la abiria, yenye kifungu cha dhima kwa abiria ambacho aghalabu hutozwa kwa kila kiti. Neno la ajenti kwamba "hakuna shida" halitoshi. Soma cheti uone aina ya matumizi iliyoandikwa, kisha fungua hati utafute mipaka ya matumizi na viwango vya juu vya fidia kwa abiria. Kama gari linaendeshwa na mtu mwingine kwa zamu, hakikisha naye anaruhusiwa. Mwenye bima ya binafsi anaweza kuomba ibadilishwe katikati ya mwaka kwa kulipa tofauti, lakini asimamishe kubeba abiria hadi apate mabadiliko hayo kwa maandishi, kwa kuwa huanza tarehe iliyoandikwa na hayagusi ajali iliyotangulia.