Baada ya Nyonga Mpya, Nyumba Ipande Juu

Kazi nyingi za nyumba zetu za Pwani hufanyika chini. Nazi hukunwa mtu ameketi kwenye kibao cha mbuzi, nguo hufuliwa katika beseni lililo sakafuni, jiko la mkaa hukaa chini, na choo mara nyingi ni cha kuchuchumaa. Mwenye nyonga nzima haoni tabu. Lakini aliyewekewa nyonga bandia wiki tatu zilizopita anaweza kurudishwa hospitali na kazi yoyote kati ya hizo. Ndiyo maana matayarisho ya upasuaji huu yanafaa yaanzie nyumbani, kabla mgonjwa hajalazwa.

Nyonga ni mahali ambapo mfupa wa paja unaungana na mfupa wa kiuno. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, nacho huzunguka ndani ya kikombe kilichomo kiunoni. Kiungo hiki huharibika kwa njia kadhaa: gegedu huisha kwa umri, kichwa cha mfupa hufa kwa kukosa damu, jambo linalowapata hata vijana wenye selimundu, au shingo ya mfupa huvunjika mzee anapoanguka. Daktari hukikata kichwa kilichoharibika, akachomeka kijiti cha chuma ndani ya mfupa wa paja, akaweka juu yake tufe jipya, kisha kikombe kipya chenye bitana ya plastiki ngumu. Nyonga bandia za leo zilipata msingi wake mwaka 1962 kwa kazi ya daktari Mwingereza John Charnley, na siku hizi upasuaji huo hufanywa pia Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI.

Madaktari wengi huifikia nyonga kwa kupasua upande wa nyuma, juu ya tako. Hapo hulazimika kukata misuli midogo na mfuko mgumu unaoizunguka nyonga, kisha huvishona tena. Mshono huo wa ndani huchukua wiki kadhaa kushika. Kabla haujashika, kinachozuia tufe lisitoke nyuma ni mgonjwa mwenyewe, kwa jinsi anavyokaa na anavyogeuka.

Mazingatio yenyewe ni matatu. Kwanza, goti la mguu uliopasuliwa lisipande juu kuliko nyonga, wala kifua kisiinamishwe hadi kulifuata paja. Pili, mguu huo usivuke mstari wa katikati ya mwili, yaani usipandishwe juu ya mwenzake wala kusukumwa upande wa pili. Tatu, vidole vya mguu visigeuzwe kuelekea ndani. Linalotokea ukivunja masharti haya ni lile la mchi kwenye kinu: ukiulaza sana, mti wake unakita kwenye ukingo na kichwa chake kinanyanyuka kutoka chini. Vivyo hivyo shingo ya nyonga bandia hugonga ukingo wa kikombe kwa mbele, na tufe huchomoka kwa nyuma. Hatari huwa kubwa zaidi pale makosa hayo yanapokutana, kwa mfano mtu aliyekaa chini anapogeuka na kuinama ili aokote kitu kilicho kando ya mguu wake.

Aliyepasuliwa kwa mbele hupewa masharti mengine, na wapo madaktari ambao siku hizi wanalegeza masharti kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari wako liwe: umenipasua upande gani, na nizuie nini kwa muda gani? Kwa kawaida muda huo ni kati ya wiki 6 na 12.

Tumchukue kwa mfano mama wa miaka 64 anayeishi Tanga, aliyebadilishwa nyonga ya kulia kwa njia ya nyuma. Adui yake wa kwanza nyumbani ni kochi la sebuleni. Ni laini, linabonyea, na jirani akija kumpa pole atamwambia, "Mama, karibu hapa pazuri." Akikaa hapo atazama, magoti yatapanda juu ya nyonga, na kuinuka kutamlazimu ainame mbele sana. Kiti chake kiwe kigumu, chenye mikono, na cha kimo ambacho akikaa magoti yanabaki chini kidogo ya nyonga. Kitanda nacho kipimwe hivyo hivyo, na kama ni kifupi, fundi seremala achonge vipande vinne vya mbao vyenye shimo ili miguu ya kitanda iingie ndani yake isiteleze.

Kukaa kwenyewe kuna mpango. Arudi nyuma hadi ahisi kiti kwa nyuma ya miguu yote miwili, atangulize mguu wa kulia mbele, ashike mikono ya kiti, kisha ajishushe taratibu uzito ukiwa mikononi na kwenye mguu wa kushoto. Kuinuka ni vivyo hivyo kinyumenyume: asogee hadi ukingoni mwa kiti, mguu wa kulia ukiwa mbele, ajisukume kwa mikono. Asivute fremu ya kutembelea ili imnyanyue, maana itamwangukia.

Choo cha kuchuchumaa asikitumie. Vipo viti vya choo vyenye tundu vinavyosimamishwa juu yake, na seremala anaweza kutengeneza kimoja chenye mikono imara. Bafuni aoge akiwa kwenye kiti kirefu, na ndoo iwekwe juu ya kiti kingine, si sakafuni, ili asiinamie maji kwa kopo. Kulala iwe chali, au kwa ubavu mzima huku mto mnene ukiwa katikati ya mapaja na magoti ili mguu wa juu usianguke kuelekea ndani. Swala aiswali kitini, rukuu na sijda azifanye kwa ishara ya kichwa, ile ya sijda iwe chini kidogo, bila kukishusha kifua hadi mapajani.

Kwa kutembea, wengi huanza na fremu, wakahamia magongo mawili, kisha fimbo moja. Kimo cha kifaa hupimwa mtu akiwa amesimama wima na viatu vyake vimevaliwa, mikono ikining'inia: mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono. Magongo ya kwapani yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, maana uzito hubebwa na viganja. Anayejiegemeza kwapani hubana mishipa ya fahamu, na dalili yake ni ganzi mkononi. Hatua huanza na kifaa, unafuata mguu uliopasuliwa, halafu mguu mzima. Kwenye ngazi kumbuka hivi: mzima hutangulia kupanda, mgonjwa na gongo hutangulia kushuka. Anapogeuka, asizunguke akiwa amesimama juu ya mguu mmoja. Azungushe mwili kwa hatua ndogondogo.

Fimbo moja huwachanganya watu, kwa sababu wengi huishika upande unaouma. Mama wetu wa Tanga aishike kwa mkono wa kushoto. Anaposimama kwa mguu wa kulia, misuli ya ubavu wa nyonga hiyo huvuta kwa nguvu ili kiuno kisianguke upande wa kushoto, na mvuto huo ndio unaoikandamiza nyonga. Fimbo ya kushoto hukishikilia kiuno upande ule unaotaka kuanguka, kwa hiyo misuli hupumzika. Muda wa kuiacha fimbo haupimwi kwa kalenda peke yake. Mwambie mtu akutazame ukitembea kwa nyuma: mwili ukiwa bado unalalia upande uliopasuliwa kila hatua, fimbo bado ina kazi. Raba za chini ya magongo na fimbo zitazamwe pia, maana zikilika huteleza kwenye sakafu yenye maji au mchanga.

Kazi za nyumbani zirudi kwa mpangilio, na za mezani ndizo zianze. Katika wiki mbili za mwanzo mama anaweza kuchambua mchele au kumenya viazi akiwa kwenye kiti chake kirefu. Kwa kuwa mikono yote miwili imeshika magongo, asibebe sufuria wala kikombe. Chai itiwe kwenye chupa yenye kifuniko, na chupa iingie katika mkoba unaovaliwa begani na kupita kifuani. Kupika asimame mbele ya jiko la gesi lililo mezani, kwa muda mfupi, kisha akae. Vyombo anavyovitumia kila siku vipangwe kati ya kiuno na bega. Mikeka midogo na nyaya zinazopita sakafuni ziondolewe. Kitu kikianguka na mshikio wa mkono mrefu haupo, ashike meza, aupeleke mguu wa kulia nyuma ukiwa umenyooka, kisha ainame akikunja goti la kushoto tu. Na hata hilo afanye baada ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo kumwonyesha.

Baada ya wiki 6, daktari akishamkagua, anaweza kufagia kwa ufagio wa mpini mrefu na kupiga pasi kwenye meza. Kufua kwa mikono kungoje karibu miezi mitatu, na hata hapo beseni likae juu ya meza. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji; iachiwe mwingine. Kibao cha mbuzi ndicho cha mwisho kabisa: humweka mtu chini sana, kikamwinamisha mbele, kikamfanya asukume kwa nguvu. Kwa nyonga bandia nyingi, ushauri wa madaktari ni kuacha kabisa viti vya chini na kuchuchumaa, hata miaka ikipita. Nazi ikunwe sokoni kwa mashine, au akune mjukuu.

Familia nzima ijue dalili tatu za kukimbilia hospitali. Kidonda kinachotoa usaha au kuzidi kuwa chekundu, pamoja na homa, huashiria maambukizi, nayo hayatibiwi kwa vidonge vya kununua dukani. Muundi unaovimba na kuuma upande mmoja unaweza kuwa na damu iliyoganda. Ukifuatiwa na kubanwa pumzi au maumivu ya kifua, ni dharura ya saa hiyo hiyo. Ya tatu ni nyonga kuchomoka: maumivu makali ya ghafla, pengine na mlio, mtu hawezi kusimama, mguu unaonekana mfupi na vidole vimegeukia ndani. Hapo asiitwe mtu wa kuuvuta. Mlazeni kama alivyo, mto katikati ya miguu, asile wala asinywe kwa kuwa huenda akapewa dawa ya usingizi, na mumpeleke hospitali akiwa amelala. Daktari hulirudisha tufe mahali pake baada ya picha ya eksirei, na mara nyingi hahitaji kupasua tena iwapo mgonjwa amefika mapema.