Umeteguka au Umevunjika?

Mvua za masika zilikuwa zimelowesha vigae vya barazani pale mama mmoja muuza maandazi alipoteleza, beseni likiwa kichwani. Unyayo wa kulia ulipindukia ndani, uzito wote ukaangukia upande wa nje wa kifundo. Ndivyo vifundo vingi vinavyoteguka: kano zinazoshika mfupa na mfupa upande ule huvutika kupita kiasi, pengine zikachanika. Haikuchukua muda jicho la mguu likamezwa na uvimbe.

Majirani wakaleta maji ya moto, wakitaka kumchua. Nia ilikuwa njema, lakini mshipa mdogo uliopasuka ndani bado unavuja damu, na joto huuzidisha. Kama mfupa umevunjika, kuchua kunaweza kuusogeza.

Ukubwa wa uvimbe hauamui kitu, kwani kano iliyochanika huweza kuvimba kuliko mfupa uliopata ufa. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni ambayo bado inatumika. Bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa, kuanzia ncha ya jicho la mguu kwenda juu sentimita 6, nje na ndani. Kisha bonyeza mfupa unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na ule wa upande wa ndani, mbele ya kifundo. Mfupa wenyewe ukiuma, au mtu akishindwa kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, tangu alipoumia hadi anapopimwa, apigwe eksirei. Mguu uliopinda, wenye ganzi au wenye jeraha lililofika mfupani usisubiri vipimo hivi: ni hospitali moja kwa moja. Wala usiitegemee kanuni hii kwa mtoto mdogo, mlevi, au mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake haihisi vizuri.

Yule mama alichechemea hatua nne. Mfupa haukuuma ulipobonyezwa. Kilichouma ni pale palaini, mbele na chini ya jicho la nje. Ameteguka.

Alipumzika siku mbili, mguu ukiwa juu ya mito, umepita usawa wa moyo. Barafu iliviringishwa kwenye kanga na kuwekwa kwa dakika 20, mara kadhaa kwa siku. Bandeji ya kuvutika ilianzia karibu na vidole, ikapanda kwa kuzungushwa mfano wa nane, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Vidole viliachwa wazi, maana ndivyo vinavyotoa taarifa: vikipoa, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, fungua ufunge upya kwa kulegeza. Usiku aliivua.

Siku ya tatu alianza kukizungusha kifundo polepole na kukanyaga kadiri maumivu yalivyoruhusu, kwa sababu kano iliyolazwa muda mrefu hukakamaa na kudhoofika. Ambaye baada ya wiki moja bado hawezi kukanyaga arudi kupimwa, kwani ufa mwembamba huweza kujificha kwenye picha ya kwanza.