Mausi Ikigoma, Vitufe vya Namba Vinaendesha Mshale

Mausi ikifa katikati ya kazi, watu wengi huzima kompyuta. Hushikilia kitufe cha kuwashia mpaka skrini iwe nyeusi, na kila walichokuwa hawajahifadhi kinapotea. Wengine hutoka mbio kwenda kuazima mausi kwa jirani. Wakati huohuo, upande wa kulia wa kibodi vipo vitufe vya namba vinavyoweza kuendesha mshale bila kununua wala kupakua kitu chochote. Kwenye Windows huduma hiyo inaitwa Mouse Keys, na imo ndani ya Windows tangu Windows 95.

Haikubuniwa kwa ajili ya mausi iliyoharibika. Ilitokana na kazi ya Trace Center, kituo kilichokuwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison nchini Marekani. Gregg Vanderheiden na wenzake hapo walitengeneza njia za kumwezesha mtu asiyeweza kushika mausi, kwa sababu ya mkono uliopooza au vidole vinavyotetemeka, kutumia kompyuta kama wengine. Wapo watu wanaoendesha mshale kwa njia hii kila siku ya kazi. Sisi wengine tunanufaika nayo pale vifaa vyetu vinapotuangusha.

Kuiwasha ni kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto, na Num Lock. Neno "kushoto" lizingatiwe, maana ukitumia Alt au Shift ya kulia hakuna kitakachotokea, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani kompyuta yao haina huduma hii. Kosa jingine ni kugusa Print Screen badala ya Num Lock. Windows itakuuliza kama unataka kubadili rangi za skrini ziwe za ukinzani mkali. Bonyeza Esc, kisha uanze upya. Ukipatia, utasikia mlio na kijidirisha kitatokea kuuliza kama unataka kuwasha Mouse Keys. Jibu la ndiyo huwa limekwisha kuchaguliwa, kwa hiyo bonyeza Enter. Kama mshale ulikuwa umetoweka kabisa kwa kuwa kompyuta haioni mausi yoyote, utaonekana tena.

Sasa tazama vitufe vya namba. Kitufe cha 5 kiko katikati, na vinane vinavyokizunguka ni pande nane za kwenda. 8 hupandisha mshale, 2 huushusha, 4 huupeleka kushoto na 6 kulia. Vya pembeni, yaani 7, 9, 1 na 3, huupeleka mshazari. Ukigusa kitufe mara moja, mshale husogea kidogo sana. Ukikishikilia, huanza polepole na kuongeza mwendo. Chaguo la Ctrl na Shift likiwa limewashwa kwenye mipangilio ya Mouse Keys, ukishika Ctrl pamoja nacho mshale hukimbia, na ukishika Shift hutambaa. Hiyo Shift ni ya thamani pale unapotafuta kialama kidogo cha kufungia dirisha, kwa sababu bila hiyo utakipita, urudi, ukipite tena.

Kubofya ni 5. Kubofya mara mbili ni alama ya kujumlisha. Sehemu inayochanganya watu ni ya kubofya kwa kulia, kwa sababu inahitaji hatua mbili: kwanza bonyeza alama ya kutoa, kisha 5. Ile alama ya kutoa yenyewe haibofyi kitu. Inaiambia kompyuta tu kwamba kuanzia sasa 5 ni kitufe cha kulia cha mausi, na itaendelea kuwa hivyo mpaka ubonyeze alama ya kugawanya, inayokirudisha kuwa cha kushoto. Anayesahau kurudisha hushangaa kuona kila anapobofya menyu inafunguka, na huamini kompyuta imepata virusi.

Mwisho ni kuburuta. 0 hushika kitu na nukta hukiachia.

Tuchukue kazi moja halisi. Uko kwenye duka la kuchapa nyaraka, mteja amesimama kaunta na wasifu wake wa kuombea kazi uko wazi kwenye Word. Anasema, "Dada, hii picha iende kule juu kulia, halafu unitolee nakala mbili." Mausi imezimika dakika hiyohiyo.

Hifadhi kwanza kwa Ctrl na S. Washa Mouse Keys, kisha peleka mshale juu ya picha na ubonyeze 5. Pembe za picha zitatokeza viduara kuonyesha imechaguliwa. Usianze kuiburuta bado. Picha iliyoingizwa Word kwa kawaida imekaa ndani ya mstari kama herufi, na ukiivuta itarukia katikati ya sentensi nyingine na kuvuruga ukurasa. Iachishe mstari kwanza. Bonyeza alama ya kutoa, halafu 5, menyu ifunguke. Ndani ya menyu huna haja ya kuhangaika na mshale: tumia vile vitufe vinne vya mishale vya kawaida kushuka hadi Wrap Text, nenda kulia, chagua In Front of Text, bonyeza Enter.

Sasa bonyeza alama ya kugawanya ili 5 na 0 virudi kuwa vya kushoto. Hakikisha mshale uko juu ya picha, bonyeza 0 mara moja na uiachie. Picha imeshikwa, ingawa kidole chako hakipo tena juu ya kitufe. Bonyeza 9 ipande kuelekea kulia, malizia kwa 8 au 6 mpaka ifike inapotakiwa, kisha bonyeza nukta. Wakati umeibeba picha usiguse Ctrl kwa nia ya kuharakisha, kwa sababu katika Word kuburuta huku umeshika Ctrl maana yake ni kunakili, na unaweza kumalizia na picha mbili. Kuchapa hakuhitaji mshale: Ctrl na P, andika idadi ya nakala, Enter.

Katika kazi hiyo mshale umetumika mahali pachache tu. Hivyo ndivyo Mouse Keys inavyopaswa kutumiwa. Atakayejaribu kufanya kila kitu kwa vitufe vya namba atachoka upesi, kwa sababu kuvuka skrini nzima kwa njia hii ni polepole kuliko kwa mausi. Tab hukuhamisha kutoka kisanduku hadi kisanduku kwenye fomu, Alt na Tab hubadili madirisha, Alt na F4 hufunga. Mshale uachiwe yale ambayo Tab haiyafikii: kusogeza picha, kuchora, kubofya mahali fulani kwenye ramani, au kile kitelezeshi ambacho baadhi ya tovuti hukutaka ukivute ili kuthibitisha kwamba wewe ni mtu.

Ikiwa utalazimika kuitumia kwa siku kadhaa, iongezee mwendo. Shika kitufe cha Windows na U, mipangilio ya Accessibility itafunguka. Kwa Tab na vitufe vya mishale nenda kwenye Mouse, utakuta sehemu za kurekebisha kasi ya mshale na jinsi unavyoongeza mwendo kitufe kinaposhikiliwa. Mwendo wa awali ni wa tahadhari mno kwa mtu ambaye mikono yake haina tatizo.

Kuna jambo moja litakalomsumbua mhasibu au keshia. Mouse Keys ikiwa imewashwa, kwa mpangilio wa kawaida inafanya kazi Num Lock inapowaka. Ukizima Num Lock mshale unaacha kutembea, lakini namba hazirudi: vitufe vile vinakuwa Home, End na mishale. Utaandika bei kwenye Excel na hakuna tarakimu itakayotokea. Njia ya haraka ni kutumia namba zilizo juu ya herufi, ambazo haziguswi na haya yote. Njia ya kudumu ni kuingia Control Panel, kwenye Ease of Access Center, ufungue Set up Mouse Keys na uchague itumike Num Lock ikiwa Off. Baada ya hapo taa ya Num Lock ikiwaka unaandika namba, ikizimika unaendesha mshale.

Kwa laptopu hali hutofautiana. Nyingi za inchi 15.6 zina vitufe vya namba upande wa kulia, na maelezo haya yanazifaa kama yalivyo. Ndogo za inchi 13 na 14 mara nyingi hazina. Baadhi ya laptopu za zamani zina namba ndogo zilizochapwa pembeni mwa herufi U, I, O, J, K, L na M, na hizo hutumika pamoja na kitufe cha Fn. Kama zako hazina hata hizo, chomeka kibodi ya USB ya kompyuta ya mezani. Namba za juu ya herufi haziwezi kuendesha mshale.

Mshale ukishatembea, utumie kutafuta kilichoiua tachipedi, kwa maana mara nyingi haijafa. Laptopu nyingi zina kitufe kwenye safu ya F1 hadi F12 chenye mchoro wa tachipedi, na kidole kikikigusa kwa bahati mbaya pamoja na Fn, tachipedi huzimwa. Kibonyeze tena. Katika Windows 11, bonyeza Windows na I, nenda Bluetooth & devices, kisha Touchpad, uone kama swichi yake imezimwa. Papo hapo pana chaguo la kuiacha tachipedi ikifanya kazi hata mausi inapochomekwa. Likiwa halijawekewa alama, hutokea jambo ambalo huwachanganya hata mafundi: betri ya mausi isiyo na waya inaisha, lakini kile kipokezi chake kidogo kimebaki kwenye tundu la USB. Kompyuta inakiona kipokezi, inahesabu kwamba mausi ipo, na inaendelea kuizima tachipedi. Mtu anabaki bila mausi na bila tachipedi, na zote mbili ni nzima. Chomoa kipokezi, subiri kidogo, kisha pitisha kidole.

Ikirudi, bonyeza tena Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, usikie mlio wa kuzima, ili atakayeingiza mauzo ya jioni azikute namba zake.